Kusahihisha jumla iliyokosewa kwenye ankara iliyokwisha kutumwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mfanyakazi wa kujitegemea ambaye ameshamtumia mteja ankara, kisha akagundua kwamba jumla iliyoandikwa chini hailingani na mistari iliyo juu yake. Kazi imefanyika, bei ni ile iliyokubaliwa na maelezo ni sahihi. Kilichokosewa ni kujumlisha tu. Mfano mmoja unatumika kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao hautaji sarafu kwa kuwa hesabu ni ileile kwa sarafu yoyote.

Mfano wenyewe ni wa mhariri aliyetuma ankara namba 047 yenye mistari minne: kuhariri sura 6 kwa 450 kila sura, yaani 2,700, kusoma prufu za kurasa 240 kwa 3 kila ukurasa, yaani 720, kuandaa faharasa kwa bei moja ya 580, na vikao vya saa 3 kwa 60 kila saa, yaani 180. Chini yake pameandikwa jumla ya 4,000, kodi ya asilimia 10 ambayo ni 400, na kiasi cha kulipwa 4,400.

Nimeona jumla haiko sawa. Niandike barua pepe mara moja?

Hapana. Mwandikie mteja baada ya kujua jumla sahihi na sababu ya kosa, kwa maana marekebisho ya kwanza mteja huyapokea bila shida, lakini marekebisho ya marekebisho humfanya aanze kukagua kila ankara uliyowahi kumtumia.

Anza na mistari wala si jumla. Chukua kila mstari, zidisha idadi kwa bei upya, ukilinganisha na makubaliano ya kazi badala ya kulinganisha na ankara yenyewe. Katika mfano wetu mistari yote minne iko sawa. Kisha ijumlishe kwa mkono au kwa kikokotoo, mara moja kutoka juu kwenda chini na mara nyingine kutoka chini kwenda juu: 2,700 na 720 ni 3,420, ukiongeza 580 unapata 4,000, ukiongeza 180 unapata 4,180. Hapo kosa linajionyesha lenyewe, kwa sababu 4,000 ni jumla ya mistari mitatu ya kwanza. Mstari wa vikao umeandikwa lakini haukuhesabiwa.

Kosa hili lilipita kwa urahisi kwa kuwa 4,000 ni tarakimu iliyonyooka, na macho huziamini tarakimu za namna hiyo.

Nitajuaje chanzo cha kosa ikiwa hakijionyeshi hivyo?

Chukua jumla iliyoandikwa kwenye ankara na ile uliyoipata upya, toa iliyo ndogo kwenye iliyo kubwa, kisha uitazame tofauti. Ikiwa tofauti ni sawa na mstari mmojawapo, mstari huo umerukwa au umehesabiwa mara mbili. Ikiwa nusu ya tofauti ni sawa na mstari mmojawapo, mara nyingi ni punguzo lililojumlishwa mahali pa kutolewa: punguzo la 150 likijumlishwa kwa makosa, jumla huzidi kwa 300. Ikiwa tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwamba tarakimu mbili zilizo jirani zimebadilishana nafasi wakati wa kunakili, kama 4,180 kuandikwa 4,810, ambapo tofauti ni 630.

Hivi ni vidokezo na wala si ushahidi. Tofauti ya mfano wetu, 180, nayo inagawanyika kwa 9, ilhali hakuna tarakimu zilizobadilishana. Ndiyo maana hatua ya kulinganisha tofauti na mistari hutangulia.

Kama ankara ilitengenezwa kwenye lahajedwali, bofya seli ya jumla na usome fomula. Chanzo cha kawaida kabisa ni mstari ulioongezwa mwishoni baada ya fomula kuwa imekwisha kuandikwa:

```
=SUM(E5:E7)
=SUM(E5:E8)
```

Fomula ya kwanza inaishia safu ya 7, na mstari wa vikao uko safu ya 8. Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukiona: kiasi kilichoingia kwenye seli kama maandishi badala ya namba, kwa mfano kwa sababu kilinakiliwa kutoka kwenye barua pepe kikiwa na nafasi tupu mbele yake. `SUM` hukiruka kiasi hicho kimyakimya, bila onyo lolote. Dalili yake ni kwamba, kama hukupanga mwenyewe upande wa kuandikia, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa upande wa kushoto. Kiasi kimoja kikikaa kushoto ilhali wenzake wako kulia, hicho ndicho cha kuchunguza.

Tofauti ninayomweleza mteja ni ya kazi tu, au na kodi imo?

Kama ankara yako ina kodi inayokokotolewa kwa asilimia ya jumla, basi kosa la kujumlisha limeivuta na kodi pia. Watu wengi husahau hapa, wakamwandikia mteja kwamba amepungukiwa na 180, kisha ankara mpya inakuja na nyongeza ya 198, na mteja anauliza, kwa haki kabisa, hizo 18 zimetoka wapi.

Jumla sahihi ya kazi ni 4,180, kodi ya asilimia 10 ni 418, na kiasi cha kulipwa ni 4,598. Kutoka 4,400 hadi 4,598 ni 198, yaani 180 za kazi na 18 za kodi. Zitaje namba hizo zote mbili kwenye barua. Kama kulikuwa na malipo ya awali au punguzo la asilimia, vikokotoe upya kwa utaratibu huohuo, kwa maana kila kinachotegemea jumla kimekosewa pamoja nayo.

Nitume ankara mpya kwa namba ileile, au kwa namba mpya?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko mengine yote, kwa sababu hatari ya marekebisho haiko kwenye hesabu. Iko kwenye kubaki na hati mbili zinazodai kazi moja. Mhasibu aliyepokea hati hizo wiki mbili tofauti hana njia ya kujua kwamba ni deni moja isipokuwa umemwambia.

Ukituma ankara iliyosahihishwa kwa namba ileile bila alama yoyote, mambo mawili yanaweza kutokea. Programu nyingi za uhasibu hutoa onyo au hukataa kabisa namba ya ankara iliyokwisha kuingizwa kwa mtoa huduma yuleyule, hivyo hati yako mpya inaweza kuwekwa kando kama nakala, na ile yenye kosa ndiyo ikalipwa. Au, kama mteja hutunza mafaili kwa mkono, hati mbili zenye namba moja na kiasi tofauti zitakaa kwenye jalada moja, na atakayezikuta mwishoni mwa mwaka hatajua ipi ni ya kweli.

Ukituma kwa namba mpya bila maelezo, hali hugeuka: programu itaipokea kama deni jipya, na mteja anaweza kulipa 4,400 kisha 4,598. Kurudisha fedha zilizozidi kuna usumbufu mkubwa kuliko kosa la awali.

Kwa hiyo hati mpya inahitaji vitu viwili kwa pamoja: namba inayoitofautisha, na sentensi iliyoandikwa ndani ya ankara yenyewe inayoitaja ile ya zamani. Mimi hupendelea namba ya zamani iliyoongezwa herufi, kama 047-A, na chini ya namba hiyo maneno haya: "Ankara hii inachukua nafasi ya ankara namba 047, ambayo imefutwa." Sentensi hiyo isikae kwenye barua pepe peke yake, kwa sababu kiambatisho hutenganishwa na barua mara tu kinapopakuliwa, na mhasibu huenda asiione barua kabisa.

Utaratibu huo unafaa pale ambapo hakuna sheria inayoelekeza vingine. Ukiwa umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, au ukitoa ankara kupitia mfumo wa mamlaka ya kodi, kwa kawaida huruhusiwi kuifuta ankara iliyokwisha kutolewa wala kuibadilisha. Unatoa hati ya pili inayoirekebisha, iwe ya kupunguza deni au ya kuliongeza. Kwa mfano, Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2006 kuhusu kodi hiyo, katika kifungu cha 219, yanasema kwamba hati yoyote inayorekebisha ankara ya awali na kuitaja bayana bila utata itahesabiwa kuwa ankara. Sharti la kuitaja hati ya awali bayana ni la kufuata popote ulipo, hata pasipo na sheria inayokulazimisha. Kabla ya kuchagua kati ya 047-A na hati ya marekebisho, soma kanuni za mamlaka yako ya kodi au muulize mhasibu wako.

Barua pepe yenyewe iandikweje?

Iandikwe kwa namna ambayo mtu anayeisoma haraka, bila kufungua kiambatisho, atajua asilipe ipi, alipe ipi, na kwa kiasi gani. Hii ni barua kamili kwa mfano wetu:

Kichwa: Marekebisho ya ankara 047: kiasi sahihi ni 4,598 badala ya 4,400

Ndugu Mhasibu,

Habari za kazi. Tafadhali msilipe ankara namba 047 niliyowatumia tarehe 3 Juni. Jumla yake imekosewa, na nafasi yake inachukuliwa na ankara namba 047-A iliyoambatishwa hapa.

Ankara ya awali ilionyesha 4,400, na kiasi sahihi ni 4,598. Tofauti ni 198, yaani 180 za kazi na 18 za kodi. Mstari wa 4, wa vikao vya saa 3, uliandikwa kwenye ankara lakini haukuingia katika kujumlisha. Hesabu kamili ni hii:

2,700 + 720 + 580 + 180 = 4,180
Kodi ya asilimia 10: 418
Kiasi cha kulipwa: 4,598

Bei, idadi na maelezo ya kazi havikubadilika. Akaunti ya benki ni ileile iliyo kwenye ankara ya awali, na tarehe ya mwisho ya malipo inabaki tarehe 3 Julai.

Ikiwa ankara 047 imekwisha kuingizwa kwenye vitabu vyenu au imekwisha kulipwa, naomba mnijulishe kabla ya kuingiza hii mpya, ili niwaandalie hati ya tofauti ya 198 pekee.

Naomba radhi kwa usumbufu huu.

Wenu,
(jina na namba ya simu)

Angalia mpangilio wake. Sentensi ya kwanza baada ya salamu ni ya kuzuia malipo, kwa sababu hilo ndilo jambo lenye haraka. Maelezo mengine yanaweza kusomwa hata kesho. Kisha zinakuja namba tatu pamoja, yaani ya zamani, mpya na tofauti, ili mhasibu asilazimike kutoa mwenyewe. Sababu imetajwa kwa sentensi moja inayoweza kuhakikiwa: mteja akifungua ankara 047 atauona mstari wa 4 na ataona kwamba haumo kwenye jumla. Maelezo kama "kulikuwa na hitilafu ya mfumo" hayahakikiki, na kwa hiyo huzaa maswali.

Aya ya kutaja yasiyobadilika inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayofupisha ukaguzi. Mtu aliyeidhinisha kazi kwa bei fulani atataka kujua kama bei imeguswa. Ukimwambia kwamba haikuguswa, anachobaki nacho cha kukagua ni kujumlisha namba nne.

Niijibu barua ya awali, au nianze mpya?

Jibu kwenye mfululizo uleule wa barua uliotumia kupeleka ankara ya kwanza, ili hati zote mbili zikae pamoja, lakini badilisha kichwa ili marekebisho yaonekane bila kufungua. Kwenye baadhi ya programu za barua pepe, kubadilisha kichwa huanzisha mfululizo mpya. Hilo likitokea, acha maandishi ya barua ya awali yabaki chini ya yako.

Mpelekee kila aliyepokea ankara ya awali, pamoja na yule aliyeipitisha kwa mhasibu kama unamjua. Ankara husafiri ndani ya ofisi ya mteja: unaituma kwa mhariri wa ofisi hiyo, mhariri huyo anaipeleka kwa mhasibu, mhasibu anaipeleka kwa anayeidhinisha. Ukimwandikia mhariri peke yake, nakala yenye kosa inaendelea na safari yake. Na kiambatisho kipe jina linalojieleza, kwa mfano `ankara-047-A-inachukua-nafasi-ya-047.pdf`, wala si `ankara-mpya-sahihi-2.pdf`.

Je, mteja hatashuku kwamba ni utapeli?

Anaweza kushuku, na ana sababu nzuri. Matapeli wanaoingilia barua pepe za biashara hutumia ujumbe wa aina hii hasa: "ankara ya awali ina kosa, tafadhali lipa hii", na ndani yake kuna akaunti nyingine ya benki. Mhasibu makini aliyefundishwa juu ya hilo atasimamisha malipo hadi athibitishe.

Msaidie athibitishe. Tuma kutoka anwani ileile uliyoitumia siku zote, taja kwamba akaunti haijabadilika, na umwambie aipige namba ya simu aliyo nayo tangu zamani kama ana shaka. Maneno "aliyo nayo tangu zamani" yana maana, kwa sababu namba iliyoandikwa ndani ya barua inayotiliwa shaka haithibitishi chochote. Na ikitokea kwamba kweli unabadilisha benki wakati huohuo, yatenganishe mambo hayo mawili: sahihisha jumla kwanza, na mabadiliko ya akaunti yaje baadaye kwa njia ambayo mteja mwenyewe anaitaka.

Mteja ameshalipa ile 4,400. Sasa je?

Basi ankara 047-A haifai tena, kwa kuwa ingedai 4,598 nzima juu ya fedha zilizokwisha kulipwa. Kinachotakiwa ni hati ya tofauti peke yake: ankara namba 048, yenye mstari mmoja unaosema "Vikao vya saa 3, vilivyoandikwa kwenye ankara 047 mstari wa 4 lakini havikujumlishwa", kiasi 180, kodi 18, kiasi cha kulipwa 198. Kwenye barua, anza kwa kukiri kupokea malipo ya 4,400 na tarehe yake, ili mteja aone kwamba humdai upya alicholipa.

Kama mteja bado hajalipa lakini ameshaingiza 047 kwenye vitabu vyake, muache achague. Wengine hupenda hati ya nyongeza ya 198, kwa sababu hawagusi kilichoingizwa. Wengine, hasa wenye sheria ya ankara moja kwa oda moja ya ununuzi, hupenda ile ya zamani ifutwe kabisa kwa hati ya kupunguza deni ya 4,400, kisha ije mpya ya 4,598. Njia zote mbili zinafika palepale, na anayejua ipi inapita kwenye mfumo wake ni yeye.

Kosa limeniongezea mimi. Mteja hajagundua. Lazima nimwambie?

Ndiyo, na mapema zaidi kuliko kama kosa lingekuwa limekupunja. Tuseme jumla iliandikwa 4,810 mahali pa 4,180. Kodi ikawa 481, na kiasi cha kulipwa 5,291. Mteja amezidishiwa 693, yaani 630 za kazi na 63 za kodi. Fedha hizo si zako, na kwenye mifumo mingi ya kodi, kodi uliyoiandika kwenye ankara unadaiwa na serikali hata kama iliandikwa kwa makosa, mpaka utakapotoa hati ya kuirekebisha. Ukinyamaza, umebeba deni la pande mbili.

Ikiwa mteja hajalipa, barua ni ileile, na namba zinageuka tu. Ikiwa ameshalipa, toa hati ya kupunguza deni ya 693, na umpe chaguo la kurudishiwa fedha sasa au kuzikata kwenye ankara ijayo. Usiamue kwa niaba yake kwamba zitakatwa ijayo. Huenda hakuna kazi ijayo, na huenda bajeti iliyolipa kazi hii inafungwa kabla ya hiyo nyingine kufunguliwa.

Tofauti ni senti chache tu. Nisahihishe?

Kwanza jiulize kama ni kosa kweli. Senti hutofautiana kwa sababu ya kukadiria: ukikadiria kodi ya kila mstari hadi desimali mbili kisha ukajumlisha, unaweza kupata jibu tofauti kidogo na anayejumlisha kwanza kisha akakokotoa kodi mara moja. Lahajedwali nayo huonyesha desimali mbili huku ikibeba nyingi zaidi ndani, hivyo mistari mitatu inayoonyesha 33.33 inaweza kuleta jumla ya 100.00 badala ya 99.99. Tiba yake ni kukadiria kiasi cha kila mstari kwa `ROUND` kabla ya kujumlisha, ili kinachoonekana ndicho kinachohesabiwa.

Kama ankara haikuwahi kulipwa na mfumo wa mteja umeikataa kwa ajili ya senti hizo, isahihishe kama kosa lingine lolote. Kama imelipwa na hakuna aliyeuliza, andika maelezo kwenye rekodi zako na uache hapo, isipokuwa kanuni za kodi zinakuelekeza vingine.

Niombe radhi kwa kiasi gani?

Sentensi moja, mwishoni. Radhi ikitangulia na kurefuka, inaisukuma chini taarifa ambayo mhasibu anaihitaji, na inamlazimisha mteja kukujibu kwa kukutuliza badala ya kukuthibitishia kwamba ameifuta 047. Heshima katika barua hii imo kwenye kumpunguzia kazi: hesabu iliyo wazi na hati iliyo tayari kuingizwa.

Tarehe ya mwisho ya malipo isogezwe mbele?

Inategemea upande wa kosa. Kama kiasi kimeongezeka, mteja anaweza kuhitaji idhini mpya kwa ile 198, na ni haki kukubali akiomba siku za nyongeza. Taja tarehe ya awali kwenye barua, kisha umsikilize. Kama kiasi kimepungua, sioni sababu ya tarehe kusogea. Jambo la kuepuka ni kuiacha ankara mpya ijihesabie siku 30 upya kwa sababu tu umeiwekea tarehe ya leo. Kiolezo cha ankara kinachokokotoa tarehe ya malipo chenyewe kitafanya hivyo usipokiangalia, na barua yako itasema tarehe 3 Julai huku kiambatisho kikisema tarehe nyingine.

Mteja anasema bajeti ilipitishwa kwa 4,400 na hawezi kuongeza. Nina haki ya kudai?

Angalia kilichokubaliwa kabla ya ankara. Kama makubaliano au oda ya ununuzi inataja vikao vya saa 3 kwa 60 kila saa, deni linatokana na makubaliano hayo, na kosa la kujumlisha kwa kawaida halilifuti. Mwambie hivyo kwa upole ukimtumia ukurasa husika. Kama oda ilitaja kiasi cha juu kisichopitwa, na kiasi hicho ni 4,400, basi hoja yako ni dhaifu hata kama mistari yako ni sahihi. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ya kuelewana, kama vile kulipwa 198 pamoja na ankara ya kazi inayofuata. Makubaliano yoyote mtakayofikia kwa simu, yaandike kwenye barua pepe siku hiyohiyo na uombe jibu la kuyathibitisha.

Nimetuma marekebisho na hakuna jibu. Nisubiri?

Usisubiri hadi siku ya malipo. Kimya hakikuambii kama 047 imefutwa au inaendelea kupita kwenye meza za waidhinishaji. Baada ya siku mbili au tatu za kazi, piga simu uulize jambo moja tu: "Kwenye mfumo wenu sasa hivi, kazi hii inaonekana kwa namba gani na kwa kiasi gani?" Jibu likiwa ni 047-A na 4,598, waombe wakuandikie hivyo kwa mstari mmoja, kisha uhifadhi mstari huo pamoja na ankara zote mbili. Ile yenye kosa usiifute kwenye kompyuta yako. Iandike "imefutwa, angalia 047-A", kwa sababu mkaguzi akiona namba zimerukwa kutoka 046 hadi 048 ataiulizia.